Kubadilisha vipuri au kutengeneza bodi: njia mbili za mtundu anayetaka kufungua meza ya ufundi simu

Mtu mwenye mkono mtundu hujulikana mapema. Ndiye anayeletewa redio iliyonyamaza, ndiye anayefungua simu ya shangazi kwa bisibisi ya kuazima na kuirudisha ikiwa inafanya kazi. Siku anapoamua utundu huo uwe kazi, anakuta njia mbili mbele yake, na mara nyingi huingia mojawapo bila kujua kwamba amechagua.

Njia ya kwanza ni kubadilisha vipuri: kioo, betri, tundu la chaji, kamera, spika. Unatoa kibovu, unaweka kizima. Njia ya pili ni kutengeneza bodi, ule ubao wa saketi ulio ndani ya simu, yaani kuitafuta kapasita moja au chipu moja iliyokufa katikati ya mamia, kuitoa kwa bloa ya hewa moto na kuirudishia bodi uhai. Zote mbili zinaitwa ufundi simu, lakini mtaji unalala mahali tofauti, hasara inatoka mahali tofauti, na hata mteja anayekaa mbele yako si yuleyule. Nimefanya zote mbili, kwa mpangilio huo, na nina msimamo wangu ambao nitausema wazi hapo chini. Kwanza tuzitazame zikishughulikia tatizo moja.

Simu moja, meza mbili

Simu imeletwa. Haiwaki, haitetemeki, haionyeshi alama ya chaji. Mwenyewe anasema ilianguka juzi kutoka mfukoni, ikaendelea kufanya kazi, jana usiku ikazima.

Kwenye meza ya vipuri, fundi anafungua, anajaribu betri nzima anayoijua, halafu kioo kizima, halafu kibodi cha chini, yaani bodi ndogo yenye tundu la chaji. Ikiwaka kwa kimojawapo, amepata jibu. Isipowaka, jibu linakuwa "bodi imekufa", na simu inarudi kwa mwenyewe. Si uzembe. Ni mwisho wa kile ambacho njia hiyo inaweza kuona.

Kwenye meza ya bodi, fundi anatoa betri na kuunganisha pawa saplai ya maabara mahali pa betri. Anaweka volti 4.0, ambayo iko ndani ya kiwango cha kawaida cha betri ya simu, na anaweka kikomo cha ampea 2. Halafu anatazama namba kabla ya kugusa kitufe chochote. Hapa ndipo utundu unapogeuka kuwa elimu, kwa sababu namba ile ya ampea inaongea.

Simu iliyozimwa haipaswi kunywa umeme unaoonekana. Pawa saplai inatakiwa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Ikiruka papo hapo hadi ampea 1 au 2 na volti zikaporomoka, kuna shoti kwenye laini kuu, ile inayotoka kwenye betri na kulisha bodi nzima. Kwenye michoro ya simu nyingi utaiona ikiandikwa `VBAT` au `VPH_PWR`. Ikiwa inakaa sifuri, ukabonyeza kitufe cha kuwasha, ndipo ikaruka na kukwama juu, basi laini kuu ni nzima na shoti iko kwenye laini ndogo zinazowashwa baadaye na chipu ya umeme. Ikipanda kidogo, tuseme miliampea 50 hadi 100, ikaganda hapo bila kucheza, bodi inajaribu kuamka lakini kuna kinachoizuia: prosesa, kumbukumbu au hata programu. Na isiposogea kabisa baada ya kubonyeza, huenda kitufe chenyewe au fleksi yake, ule utepe wa nyaya, ndiyo haifikishi amri. Simu nzima hupanda, hucheza, hufika mamia kadhaa ya miliampea na kupita, ikishuka na kupanda jinsi inavyopakia mfumo.

Vipimo hivyo vinachukua dakika mbili, na bado hujachomelea kitu chochote. Nawaambia vijana wanaoniuliza wanunue nini kwanza: si hadubini, si bloa ya kifahari, ni pawa saplai na maltimita nzuri.

Jinsi shoti ilivyopatikana

Simu niliyoieleza hapo juu ni ya kweli. Ilikuwa imepitia kwa fundi mwingine ambaye alibadilisha betri na kibodi cha chaji, vyote vipya, na haikuwaka. Ilipofika kwangu ilisoma ampea 2 kamili kabla ya kubonyeza kitufe, yaani iligonga kikomo.

Nikatoa bodi na kuipima kwa maltimita kwenye kipimo cha diodi: waya mwekundu kwenye ardhi ya bodi, waya mweusi kwenye mguu chanya wa soketi ya betri. Laini nzima husoma volti 0.3 hadi 0.6 hivi, kutegemea simu. Hii ilisoma 0.002. Shoti halisi, ya chuma kwa chuma.

Sasa, laini kuu inapita kwenye kapasita nyingi sana, zote zikiwa zimeunganishwa kati ya laini na ardhi. Yoyote kati yake inaweza kuwa ndiyo, na mita itasoma vilevile popote utakapogusa. Kwa hiyo unaifanya yenyewe ijitaje. Nilishusha pawa saplai hadi volti 1, nikaruhusu ampea 2, nikachoma laini ile, yaani nikaiingizia umeme, moja kwa moja kwa waya mwembamba. Volti 1 ni muhimu: usizidishe kamwe volti ya kawaida ya laini unayoichoma, la sivyo unaua chipu zilizo hai. Umeme unakimbilia penye shoti, na penye shoti panapata joto.

Mwenye kamera ya joto ataona nukta nyeupe inawaka. Mimi siku hiyo nilitumia alkoholi ya isopropili: unapaka bodi ikalowa yote, unachoma umeme, na unatazama ni wapi inakauka kwanza. Ilikauka kwenye duara dogo pembeni mwa bodi, karibu na tundu la skrubu. Chini ya hadubini ile kapasita ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele upande mmoja. Kapasita hizi ni za kauri. Bodi ikipinda kwa kishindo cha kuanguka, kauri inapasuka, na tabaka za ndani zinaweza kugusana, wakati mwingine siku moja au mbili baadaye. Hadithi ya mwenye simu ililingana kabisa na kile nilichokiona.

Nilifunika chipu za jirani kwa utepe unaovumilia joto, nikaweka flaksi, bloa nyuzi 360 na upepo mdogo, kapasita ikatoka. Nikapima tena: 0.41. Nikarudisha pawa saplai kwenye volti 4.0, ikasoma sifuri. Nikabonyeza kitufe, miliampea 80, 200, ikaanza kucheza, nembo ikatokea. Sikuweka kapasita nyingine, kwa sababu palikuwa na wenzake kadhaa sambamba kwenye laini hiyohiyo wanaofanya kazi ileile ya kutuliza umeme. Huo si ruhusa ya jumla: kapasita inayopitisha ishara, au koili na rezista zilizokaa katikati ya njia, ukizitoa umekata njia. Mchoro wa bodi ndio unaokwambia kipi ni kipi.

Kazi yote ilikula kama dakika 50. Betri na kibodi alivyokuwa amewekewa havikuhitajika.

Meza ya vipuri inashinda wapi

Baada ya hadithi kama hiyo mtundu yeyote anataka kukimbilia bodi, kwa hiyo nirudi upande wa pili kwa haki.

Simu nyingi zinazokuja hazina shoti. Zina kioo kilichopasuka, betri iliyochoka, tundu la chaji lililolegea. Kazi hizo zinaeleweka, muda wake unakadirika, na mteja anaweza kusubiri. Unapomwambia saa moja, inakuwa saa moja. Kwenye bodi huwezi kuahidi hivyo. Kuna shoti ya dakika 20 na kuna nyingine itakayokula siku mbili na kukushinda. Mtu anayetaka kujua mwezi huu utaingiza nini, vipuri vinampa usingizi mzuri zaidi.

Tatizo la meza ya vipuri ni kwamba mtaji wako unalala kwenye droo. Kioo cha toleo moja hakiingii kwenye toleo jingine hata kama majina yanafanana, na kioo ulichonunua kwa simu ambayo watu wameacha kuitumia ni pesa iliyokufa. Na ubora wa kazi yako haupo mkononi mwako peke yake. Upo kwenye kipuri.

Kioo ndicho mfano mzuri. Simu iliyotoka kiwandani na kioo cha OLED inaweza kuwekewa OLED halisi, OLED ya kuiga, au LCD iliyotengenezwa kwa umbo lilelile. Mbele ya mteja, ikiwa imewaka kwenye picha yenye rangi, zote zinapendeza. Tofauti inakuja baadaye. LCD ni nene zaidi kwa hiyo kioo kinaweza kunyanyuka kidogo kwenye fremu, inahitaji taa ya nyuma kwa hiyo inakula betri kwa namna nyingine, na kama simu ilikuwa inasoma alama ya kidole chini ya kioo, haitasoma tena, maana taa ya nyuma ya LCD inaziba njia ya kihisio. Njia ya kuitambua ni rahisi: fungua picha nyeusi tupu, mwangaza juu kabisa, ingia chumba chenye giza. OLED inabaki nyeusi kama imezimwa. LCD inatoa ukungu wa kijivu.

Sisemi LCD isiwekwe. Kuna mteja ambaye simu yake ina miaka mitano na anataka tu isome ujumbe. Lakini aambiwe kabla, na alama ya kidole itajwe kwa jina, kwa sababu hilo ndilo atakalorudi nalo kesho asubuhi.

Kuna pia simu zinazokumbuka vipuri vyao. Kwenye iPhone, kwa mfano, betri ya kuanzia XS na kioo cha kuanzia iPhone 11, ukibadilisha bila kuoanishwa na mfumo, mipangilio inaonyesha ujumbe kwamba kipuri hakitambuliki. Simu inafanya kazi, lakini mteja akiuona ujumbe ule bila kuandaliwa anaamini ameibiwa. Fundi wa vipuri anapaswa kujua simu zipi zinafanya hivyo na kulisema kabla hajagusa skrubu ya kwanza.

Pale kipuri kinapozaa ugonjwa wa bodi

Hili ndilo jambo lililonibadilisha mimi, na ndiyo sababu sikubali kwamba njia hizi mbili zinaweza kutenganishwa kabisa. Sehemu kubwa ya bodi nilizoanza kutengeneza zilikuwa zimeumizwa wakati wa kubadilisha kipuri.

Jeraha la kwanza ni la skrubu. Ndani ya simu moja kuna skrubu za urefu tofauti, tofauti ya sehemu ndogo ya milimita. Ukiweka ndefu kwenye tundu la fupi na ukakaza, ncha yake inachimba bodi na kukata njia zilizofichwa kwenye tabaka za ndani. Simu inaweza kuwaka, lakini tachi imekufa au haishiki mtandao, na fundi anadhani kioo kipya ni kibovu. Anaagiza kingine. Kibovu pia! Dawa yake ni ya kizamani: karatasi yenye mchoro wa simu, na kila skrubu inakaa juu ya mahali ilipotoka, au kitambaa chenye sumaku kinachofanya kazi hiyohiyo.

Jeraha la pili ni kuunganisha kioo huku betri ikiwa bado imeunganishwa. Kwenye simu za LCD laini ya taa ya nyuma hubeba volti nyingi kuliko betri yenyewe. Soketi ikikaa upande kwa sekunde moja, laini hiyo inagusa jirani yake na fyuzi au koili ndogo inakatika. Dalili yake haina utata: simu inalia, inapokea, lakini kioo ni cheusi. Ukimulika kwa tochi kwa pembeni unaona picha hafifu ipo. Kioo ni kizima, taa ndiyo haipati umeme.

Kwa hiyo betri inatoka kwanza na kurudi mwisho, kila mara, hata kwa kazi ya kamera tu. Na kioo kipya kinajaribiwa kabla ya gundi: unganisha, washa, shika ikoni moja na uiburute polepole kuzunguka kioo chote hadi kwenye kona nne. Ikiangukia mahali, hapo tachi haisomi. Ni bora uione sasa kuliko baada ya gundi kukauka.

Chaji ni mfano wa tatu wa jinsi kipimo kinavyookoa kipuri. "Haiingizi chaji" ndiyo kauli ninayoisikia kuliko zote, na fundi mwenye haraka anabadilisha tundu. Weka mita ndogo ya USB kati ya chaja na simu yenye betri kama asilimia 30. Ikisoma volti 5 na ampea 1 au zaidi, simu inachaji, na shida inaweza kuwa betri isiyohifadhi au waya wa mteja mwenyewe. Ikisoma volti 5 na ampea sifuri, simu haijaona chaja: safisha tundu kwanza kwa kijiti chembamba kisicho cha chuma. Utashangaa ni pamba na vumbi kiasi gani vinavyotoka, vikiwa vimeshindiliwa chini hata kichwa cha waya hakiingii mpaka mwisho. Ikiruka ruka ukitingisha waya, miguu ya tundu imelegea. Na ikisoma mkondo mdogo usiopanda hata kwa tundu jipya, tazama chipu ya chaji, na hapo uko kwenye bodi tayari.

Meza ya bodi inadai nini

Vifaa si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Hadubini, bloa, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, flaksi nzuri, programu ya michoro ya bodi. Kinachodai ni bodi za kuharibu. Kabla ya kugusa simu ya mteja, kusanya bodi zilizokufa na utoe na kurudisha kapasita hadi mkono uache kutetemeka. Utagundua mapema kwamba lehemu ya kiwandani isiyo na madini ya risasi huyeyuka karibu nyuzi 217, wakati ile ya kawaida ya 63/37 huyeyuka nyuzi 183, na kwamba ukichanganya kidogo ya pili kwenye ya kwanza, kipande kinatoka bila kupigana nacho. Utagundua pia kwamba bodi ina tabaka za shaba zinazonyonya joto, kwa hiyo namba iliyo kwenye bloa na joto lililofika kwenye chipu ni vitu viwili. Anayeongeza nyuzi kwa hasira anang'oa vikalio vya shaba vilivyo chini ya chipu. Anayetulia na kupasha bodi nzima kwanza anafanikiwa.

Panga pia mipaka. Shoti za laini, soketi za fleksi zilizovunjika, matundu ya chaji yaliyolehemewa moja kwa moja kwenye bodi, taa ya nyuma: hizi mtundu mzuri anaweza kuzimudu baada ya miezi ya mazoezi. Kutoa prosesa iliyobebana na kumbukumbu juu yake, na kuirudisha, ni daraja jingine. Ukikosea hapo hakuna kurudi nyuma, kwa sababu kwenye simu za sasa data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya prosesa ileile. Huwezi kuchomoa chipu inayohifadhi data na kuisoma kwingine.

Jambo hilohilo, likitazamwa upande wa pili, ndiyo nguvu kubwa ya meza ya bodi. Mteja wa vipuri anataka simu. Mteja wa bodi mara nyingi hataki simu kabisa. Anataka picha za mtoto, mazungumzo ya marehemu baba yake, daftari la biashara. Kwa kuwa data haitoki bila bodi ile kuamka, mtu anayeweza kuiamsha kwa nusu saa tu, hata kama haitakuwa simu ya kutumia tena, anatoa kitu ambacho duka la simu mpya haliwezi kukiuza. Ndiyo maana simu iliyoingia maji haipaswi kujaribiwa kuwashwa. Toa betri, osha bodi kwa alkoholi ya asilimia 99 na mswaki laini, inua vifuniko vya bati kama kuna kutu chini yake, halafu pima shoti, ndipo uwashe. Maji peke yake hayaui haraka. Kinachoua ni maji pamoja na umeme, vinavyokula shaba saa baada ya saa.

Runinga, redio na vingine

Mtundu aliyelelewa na redio atauliza kuhusu vifaa vikubwa. Nitasema machache. Vinasamehe mkono kuliko simu, vipande vyake vinaonekana kwa macho, na magonjwa yake yanajirudia: kapasita zilizovimba kichwa kwenye sehemu ya umeme, au runinga yenye sauti bila picha ambayo taa moja ya ukanda wa nyuma imeungua na kuzima ukanda wote. Lakini vinataka nafasi, na vinaua. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukuta, penye volti 230, hukaa na volti takriban 325 hata baada ya kuchomoa plagi. Itoe umeme wote kwa rezista, upime kwa mita, ndipo uguse. Na kifaa chochote kilichounguza fyuzi kiwashwe mara ya kwanza kupitia balbu ya waya iliyounganishwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo na hujapoteza kitu. Kama umezoea simu na huna mafunzo ya umeme wa ukuta, usianzie hapa.

Msimamo wangu

Mwenye mkono mtundu na mtaji mdogo, aanze na vipuri, lakini awe na vipimo vya mtu wa bodi tangu siku ya kwanza. Abadilishe kioo kama mtu wa vipuri na apime kama mtu wa bodi. Halafu aingize kazi za bodi moja baada ya nyingine, shoti kwanza. Anayepaswa kuanza na bodi moja kwa moja ni yule ambaye tayari ana miaka ya kulehemu vitu vidogo, ana kipato kingine cha kumbeba wakati anajifunza, na anaweza kuletewa kazi na mafundi wengine. Meza ya bodi huishi vizuri sana kwa kazi za mafundi wa vipuri walioandika "bodi imekufa".

Aliyevutiwa na bodi kwa sababu hapendi kuongea na watu, namshauri atafakari tena. Simu ya bodi ndiyo inayohitaji maneno mengi zaidi, maana unamweleza mtu kitu asichokiona, na wakati mwingine unamrudishia ikiwa haijapona.

Na sasa kile kinachofanya meza moja ikimbiliwe na nyingine ipitwe, hata kama ziko jirani na zinatumia vipuri vilevile. Kwangu ilikuwa karatasi ya mapokezi. Simu inapoingia, kabla mteja hajaondoka, tunaipitia pamoja kama inawaka: kamera mbili, spika ya sikio, maikrofoni, vitufe, tachi, chaji kwa mita. Naandika kinachofanya kazi na kisichofanya. Napiga `*#06#`, namba ya IMEI inatokea kwenye skrini, naiandika na kuilinganisha na iliyo kwenye boksi au risiti kama anayo. Karatasi hiyo imenikinga na "ulipoichukua kamera ilikuwa inafanya kazi", na imenikinga na simu za wizi, kwa sababu mwizi hapendi kusubiri namba iandikwe.

Neno la siri siombi kama kazi haihitaji. Kioo, betri na chaji vyote vinaweza kujaribiwa bila kuingia kwenye picha za mtu, na kwenye simu nyingi kamera hufunguka hata kabla ya kufungua kufuli. Wateja wanalitambua hili haraka kuliko nilivyotegemea. Kuna waliokuja kwa sababu hiyo tu.

Halafu mita inakaa upande wa mteja. Kabla ya kazi anaiona ikisoma 0.00, baada ya kazi anaiona ikisoma 1.6. Hahitaji kujua ampea ni nini. Yule mwenye simu ya kapasita iliyopasuka alikaa mbele yangu, nikamgeuzia hadubini akaona ule ufa. Kapasita yenyewe niliitia kwenye kipande cha utepe wa kunata nikaubandika juu ya karatasi yake ya mapokezi. Alitazama kidude kile kidogo kuliko punje ya mchanga, akaniuliza, "Fundi, ni hiki tu?" Nikamwambia ndicho. Wiki iliyofuata alinitumia dada yake, ambaye simu yake ilikuwa imeambiwa bodi imekufa.